Sawubona ya Wazulu si "nakuona"

"Wazulu wakisalimiana husema 'nakuona', sisi tunaulizana habari tu. Kwa nini mfasiri aandike 'hujambo' na kuua maana yote ile?"

Kabla ya kumjibu anayeuliza hivyo, tulitazame neno lenyewe, sawubona, salamu ya Wazulu. Zamani liliandikwa sakubona. Ile -ku- ndiyo hii yetu ya "nakupenda", na -bona ni ndugu wa -ona, ila sisi tumeidondosha b njiani. Kinachotupotosha ni sa- ya mwanzo. Kwa Kizulu si- ni "sisi", na hapo imeungana na -a- ya wakati uliopita. Neno kwa neno, basi, sawubona ni "tumekuona". Hakuna "mimi" ndani yake, wala wakati wa sasa. Hiyo "nakuona" imetufikia kupitia Kiingereza, na anayeitetea kwa jina la uaminifu anatetea tafsiri ya tafsiri.

Sasa iweke "tumekuona" katika Kiswahili uone itakavyosikika. Mgeni akiingia uani akaambiwa "tumekuona", atajiuliza amefanya kosa gani. "Nakuona" ni vivyo hivyo: huambiwa mtoto anayenyemelea sukari, au rafiki aliyevaa nguo mpya, kwa utani. Mzee wa Kizulu aliyekuwa anakaribisha mtu kwa upole atageuka mlinzi aliyemnasa mwizi.

Kwangu mimi kipimo ni shikamoo. Asili yake inaelezwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Mgeni akiandika kwao kwamba watoto wa Dodoma huamka na kuwaambia wazazi "nashika miguu yako", tutamsahihisha haraka: mtoto amemwamkia mama yake, basi, huku amebeba ndoo na wala hakuinama. Hujambo nayo imetokana na kuulizwa kama huna jambo, lakini aliyefiwa jana hujibu "sijambo" na hakuna anayemwita mwongo. Maana ya asili imelala ndani ya salamu, na kazi inayofanywa na neno ni nyingine. Wazulu nao wako hivyo. Mtangazaji wa redio huwaambia wasikilizaji sanibonani, yaani sawubona ya watu wengi, na hamwoni hata mmoja wao. Wakiagana husema sobonana, pacha kabisa wa "tutaonana" yetu, na sijakutana na anayeitafutia falsafa tutaonana.

Hata jibu limepotoshwa. Husemwa kwamba anayeambiwa sawubona hujibu ngikhona, "nipo", kana kwamba kuonwa ndiko kulikomfanya awepo. Ngikhona hujibu swali linalofuata, unjani, yaani "u hali gani?" Ni ile "tupo" ya mtu aliyeulizwa za siku nyingi.

Hata hivyo upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuipita. Jibu la sawubona ni yebo, "ndiyo". Mtu hasemi ndiyo bila kuambiwa kitu, na yebo inaonyesha kwamba ile sentensi ya kale haijafa yote. Bado inapokelewa kama kauli. Pia ile "sisi" ina uzito wake: mtu mmoja akisalimu peke yake njiani bado anasema kwa wingi, kama aliyekuja na watu wa nyumbani kwake. Mzulu akitaka kuizindua maana hiyo katika shairi au hotuba, ana haki, na hapo "hujambo" ya mfasiri itakuwa imemziba mdomo.

Lakini mandhari nyingi si hizo. Chukua kijana anayeingia kwa mzee: "Sawubona, baba." Mzee anaitika: "Yebo, sawubona." Kiswahili hakikubali kijana aseme "hujambo" kwa baba, kwa hiyo nitaandika "Shikamoo, baba", na mzee ataitika "Marahaba, hujambo?" Nimefanikiwa kuleta heshima, nikapoteza kitu ambacho "nakuona" nayo isingekiokoa: kwa Kizulu wawili hawa wametamkiana neno lilelile, mimi nimewapa maneno mawili, moja la mdogo na moja la mkubwa. Hasara hii ndiyo inayoniumiza. Riwaya ikiwa imejengwa juu ya usawa huo, nitaiacha sawubona ilivyo katika vinywa vyote viwili, na mara ya kwanza tu nitadokeza ndani ya simulizi kwamba kwao salamu husema "tumekuona". Kwingineko kijana wangu ataamkia, na mzee ataitika marahaba.