Aliyetapika ni mgeni, sio mimi

Naona chalii yangu kaweka status eti nimetapika kwenye usaili, naomba niseme mwenyewe kabla haijafika kwa mama.

Ni kampuni moja ya utalii hapa Arusha, wanatafuta mtu wa buking. Tangazo lina maswali matano na limesema kabisa yajibiwe ndani ya barua, yote. Nikajibu kwa namba, majibu tu, maswali sikuyaandika maana niliona wanayajua si wameyatunga wao. La pili lilikuwa mshahara unaotarajia kabla ya makato. Huyuhuyu chalii akaniambia usitaje utajipunja, nikalifuta. Sasa Word si inajipangia namba yenyewe, jibu la tatu likawa la pili, la nne likawa la tatu, mimi nikatuma nikalala zangu.

Wakaniita. Nikavaa tai ya harusi ya kaka.

Wapo watatu, katikati mama mmoja mtu mzima, nikampa shikamoo yake akaitikia vizuri tu, akavaa miwani. "Mwanangu, ngoja nisome swali halafu nisome ulichotuandikia."

La kwanza, mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu utamshauri siku ngapi? Sita, moja ya ziada akae Horombo, mita 3,720, mwili uzoee kabla ya Kibo. Akatikisa kichwa kukubali, mi nikakaa vizuri kwenye kiti (jamani kile kiti).

"La pili. Unatarajia mshahara kiasi gani? Umejibu: siku 28 baada ya kumpa notisi mwajiri wangu."

Kimya. Kijana wa kushoto akainama kama anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa sendo.

"La tatu. Unaweza kuanza kazi lini? Nitamteremsha mara moja hata kama ni usiku, simruhusu apande tena."

Hapo nikawa nimeshaelewa, nikafungua mdomo, mama akanyoosha kidole nisubiri. Akavua miwani, akaifuta taratibu na kanga, akaivaa tena.

"La nne. Mgeni yuko Kibo, kichwa kinamuuma na anatapika, utafanyaje?" Akanitazama. "Nimekaa pale miaka mitatu nimejifunza ya kutosha, sasa natafuta changamoto mpya."

Wa sendo akatoka nje, tukamsikia anacheka koridoni. La tano, kwa nini unaacha kazi uliyonayo, halina kitu. Mama akasema kwa kweli tulikuita tukuone tu.

Nimeshatuma barua nyingine kwingine, nimekopi kila swali lote na jibu chini yake, mshahara laki nane kabla ya makato, nimehesabu maswali yao sita na majibu yangu sita mara tatu. Wewe chalii futa hiyo status, aliyetapika ni mgeni wa swali la nne.