Nusu Tatu za Mtu Mmoja

Nilipokabidhiwa jukumu la kupanga uwezo wa timu yetu kwa wiki mbili, nilifungua jedwali, nikahesabu majina matano, nikayazidisha kwa saa 80, nikapata saa 400. Meneja nikamwahidi kazi ya saa 380, huku nikijipongeza kwa kuacha saa 20 za dharura. Kuzidisha najua, tatizo ni kwamba nilizidisha vichwa.

Wawili kati ya watano hao walikuwa wa nusu muda, saa 20 kwa wiki. Mmoja wao hufunga kompyuta yake Jumatano saa 6 mchana, nami nilikuwa nimempangia kazi ya saa 20 ianze Jumatano alasiri na kwisha Ijumaa. Alhamisi nikamwandikia kumwuliza amefikia wapi. Jumatatu akanijibu, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, kwamba ndiyo kwanza ameuona ujumbe, na kwamba vikao vyetu vya saa 5 kwa wiki, ambavyo kwa mtu wa saa 40 ni sehemu moja ya nane tu, kwake vinakula robo nzima, kwa hiyo kazi ile isingeenea hata katika wiki yake kamili.

Kioja hasa kilikuwa kwa fundi wetu wa kanzidata, ambaye niliahidiwa nusu yake. Katika kikao cha saa 9 alasiri nilimwuliza ripoti imefikia wapi, akajibu bila kusita, "Data yote imeshahamishwa, hakuna rekodi iliyopotea." Tukampigia makofi. Makofi yalipokwisha, mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo ni data gani hiyo, maana sisi hatukuwa na data ya kuhamisha. Kumbe fundi alikuwa katika vikao viwili kwa wakati mmoja, sikio moja kila upande, na jibu letu lilikuwa la mradi mwingine. Sijui wao walijibiwa nini kuhusu ripoti yetu.

Baadaye tuliketi mameneja na wapangaji wa miradi mitatu, tukagundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameahidiwa nusu ya mtu huyo huyo. Kila mradi ulimdai saa 5 za vikao kwa wiki, jumla 15, na saa 25 zilizosalia akizigawa sawa anatupatia takriban 8. Kwa wiki mbili ni 16, wala si zile 30 ambazo nusu halisi ingeacha baada ya vikao.

Nikarudi kwenye jedwali. Wawili wa muda kamili walibaki na saa 140, wawili wa nusu muda 60, fundi 16. Saa 216, nami nilikuwa nimeahidi 380.

Kwa mpango uliofuata niliapa kutokisia. Nilimwendea fundi mwenyewe, nikamwuliza atakuwa na saa ngapi wiki ijayo. Akanitazama kwa huruma, akauliza, "Samahani, wewe ni wa mradi upi?"