Mara nyingi haikati

"Kama mikroRNA hailingani na mRNA herufi kwa herufi, inaikataje?"

Mara nyingi haikati, ndugu. MikroRNA ni RNA fupi inayotuliza jeni, na mRNA ni nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. Kimeng'enya Drosha hukata kitanzi cha RNA ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya Daisa hukimalizia nje ya kiini, na uzi mmoja wa herufi 22 hivi hubaki ndani ya protini iitwayo Agonauti. Herufi ya 2 hadi ya 8 ndizo hutafuta shabaha. Zikishika, Agonauti huita vimeng'enya vya kufupisha mkia wa mRNA, ule wa herufi A tupu. Kofia inayolinda mwanzo wake hutolewa, na mRNA huliwa taratibu. Ndiyo maana protini kwa kawaida hupungua kwa chini ya nusu. Anayekata kweli ni siRNA, RNA fupi ya kuzimia jeni, inayolingana kikamilifu na shabaha, lakini herufi zake hizohizo za 2 hadi 8 huzima jeni zisizolengwa. Kwa hiyo mimi siamini matokeo ya jaribio mpaka siRNA mbili tofauti za jeni hiyohiyo zikubaliane.