Wadogo zangu, kihamba cha Baba kisikatwe vipande

Wadogo zangu,

Jumamosi nilipanda Marangu kumwona Mama. Nilipofika mpaka wa chini, pale mfereji unapoingia shambani, nikakuta masale matano yameng'olewa na kutupwa kando, mizizi juu. Ni masale aliyoyapanda Baba kwa mkono wake. Nimeyarudisha ardhini siku ileile na Mama sikumwambia. Lakini usiku ule sikulala, maana kwetu sale haling'oki kwa bahati mbaya. Sale ndilo mpaka, na ndilo analolishika mtu anapokwenda kumwomba mwenzake msamaha. Siku mbili baadaye, kwenye kundi la familia, mmoja wetu akaandika neno "wakili".

Baba hajamaliza mwaka kaburini. Nawaandikia kwa sababu kwenye simu sauti zinapanda na tunaishia kukatiana. Someni hadi mwisho, kisha mnijibu.

Naanza na mimi mwenyewe, kwa sababu najua mnachosema nikiwa sipo. Mwaka 2003, nilipooa, Baba alinikatia nusu ekari ya kihamba upande wa juu. Nikajenga, nikapanda migomba, na miaka yote hii nimeishi kama vile nusu ekari ile ilishuka na mvua. Sasa Baba mdogo ananiambia nikae kimya, kwamba ile ilikuwa zawadi ya harusi, na mirathi inaanzia kwenye kilichobaki. Ananikumbusha pia lile tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililowapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume juu, wavulana wengine katikati, mabinti chini. Namheshimu sana Baba mdogo, ila hapa nakataa. Nikichukua fungu sawa na lenu halafu nikabaki na ile nusu ekari nje ya hesabu, nitakuwa nimerithi mara mbili. Kwa hiyo nairudisha kwenye hesabu yote, kama vile Baba hakuwahi kunipa.

Na mabinti wa Baba wanarithi sawa na wavulana. Hili sitalijadili kwa urefu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilimpa haki mama wa Kagera, Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake, na mpwa wake akamshitaki kwa hoja kwamba mwanamke hana ruhusa hiyo. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Lakini hata kama Bungeni lisingetamkwa neno, dada zetu ndio waliomgeuza Baba kitandani miezi minne, na sisi wanaume tulikuwa tunatuma hela.

Sasa tuje kwenye kinachotugombanisha. Mdogo wangu wa Dar unasema haki ni kupima kila shamba na kuligawa kwa idadi yetu, kila mtu apate kipande kila mahali. Kwa maneno inapendeza, kwa hiyo nilikwenda na kamba kuipima. Kihamba chote, pamoja na nusu ekari yangu, ni ekari mbili: upana kama mita 50, urefu mita 160 kufuata mteremko. Tuko watano na Mama wa sita. Ukikata kwa urefu, kila mmoja anapata ukanda wa mita 8 na ushee. Toa njia ya kupita, toa nafasi ya ukuta na jirani, utabaki na upana usiotosha nyumba ya vyumba vitatu. Ukikata kwa upana, wa chini wote watakuwa wanapita kwenye ua wa wa juu, na zamu ya maji ya mfereji, ambayo sasa ni moja, italazimika kugawanywa mara sita. Mnajua ilivyokuwa kwa jirani zetu wa upande wa mashariki. Walikata kanda, kila mmoja akajenga jiko na choo, kivuli cha migomba kikaisha na kahawa ikanyauka juani. Leo pale hapana shamba, na hapana mji. Na bado wanashitakiana kwa ajili ya choo kilichojengwa mpakani.

Kwa hiyo naomba tugawe thamani, tusigawe mita.

Nimefanya hivi. Niliwaomba wazee watatu wasio wa ukoo wetu watembee kwenye kila eneo bila kujua nani nitampendekezea nini. Niliwauliza swali moja tu: ekari moja ya shamba letu la tambarare tukiiita fungu moja, hivi vingine ni mafungu mangapi? Walibishana nusu siku. Wakakubaliana kwamba robo ekari ya kihamba, kwa sababu ya maji, migomba na kahawa, ni sawa na ekari moja ya tambarare inayongoja mvua. Kiwanja cha barabarani, chenye vile vyumba vitatu vya biashara, wakakipa mafungu manne. Basi kihamba ekari mbili ni mafungu manane, tambarare ekari sita ni mafungu sita, kiwanja manne. Jumla 18. Kwa watu sita, kila mmoja anastahili matatu.

Mama nampa robo tatu ya ekari ya kihamba, yenye nyumba, migomba ya nyuma na makaburi. Nataka jina lake liandikwe kwenye karatasi. Sitaki ile kauli ya kwamba "Mama atatunzwa na watoto," kwa sababu atakayetunzwa bila kuwa na chake ataishi akiangalia uso wa mkwe kila asubuhi. Akitaka kumwachia mtu, ataamua mwenyewe, kwa wosia.

Kitindamimba, wewe upo naye na mila yetu inakuweka nyumbani. Chukua robo tatu ya ekari inayopakana na yake. Mafungu matatu, yametimia. Ila usihesabu fungu la Mama kuwa lako linalokungoja.

Dada unayenifuata, na wewe mdogo wangu wa Dar: tambarare, ekari tatu kila mmoja, mkate katikati kuanzia ule mti wa mfuruanje wa mwanzo, ili wote mguse njia ya trekta.

Dada yetu mdogo, uliyerudi na watoto wawili na kupanga chumba Moshi mjini: chukua kiwanja cha barabarani. Wewe unahitaji kitu kinacholeta hela kila mwezi, na ekari tatu za mahindi haziwezi kulipa ada. Kiwanja ni mafungu manne, kwa hiyo umezidisha moja. Hilo fungu moja nitakudai mimi. Yaani utanilipa mimi peke yangu, kidogo kidogo kutoka kwenye kodi ya vyumba, kwa miaka mitano, bila riba. Mwaka ambao vyumba vitakaa bila mpangaji, deni litasimama. Mimi nabaki na nusu ekari yangu ya zamani, mafungu mawili, na hilo deni. Nimeipanga hivyo makusudi, ili asiwepo mwingine kati yetu anayedaiwa au kudai. Kama kuna wa kusubiri, nisubiri mimi.

Mdogo wangu wa Dar, nakusikia ukiuliza: mwanaume asiye na kihamba atazikwa wapi? Swali lako ni la kweli, na sikulifikiria mwanzo. Tuandike kwamba eneo la makaburi, hatua 12 kwa 15, na njia ya kulifikia, halitauzwa wala kujengwa, na kwamba kila mtoto wa Baba, wa kike na wa kiume, na mwenzi wake, ana nafasi pale. Na kama hata hivyo roho yako inataka ardhi ya juu, tubadilishane. Chukua nusu ekari yangu yote pamoja na nyumba, nipe ekari mbili za tambarare, na nyumba wazee waithamini peke yake. Nimekaa na mke wangu tumeliongea hili, na tumekubali. Usijibu kwa hasira, njoo uiangalie kwanza.

Kuhusu mahakama, msidanganyike kwamba tutaikwepa kabisa. Kinachokwepeka ni kesi. Tunahitaji msimamizi wa mirathi, na huyo hatambuliki hadi Mahakama ya Mwanzo imteue. Kikao cha ukoo kitampendekeza, muhtasari utaandikwa na kusainiwa na sisi sote, utapelekwa na cheti cha kifo, tangazo litabandikwa, na asipotokea wa kupinga atapewa barua yake. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha fomu namba 5, yenye orodha ya mali, na baadaye, kwa muda atakaopangiwa na mahakama, namba 6, inayoonyesha nani kapata nini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mtu anateuliwa, anaficha barua kabatini, na baada ya mwaka anaanza kuuza kana kwamba mali ni yake. Msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni ya marehemu na kukabidhi, kisha anafunga faili.

Mimi sitaki kuwa msimamizi. Nampendekeza dada anayenifuata. Ndiye aliyetunza risiti za hospitali hadi za sindano, na ndiye pekee ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kugombana naye kuhusu fedha. Namba ya Baba kwenye chama cha msingi cha kahawa nayo aishughulikie yeye, kabla ya msimu.

Mipaka tuiweke siku moja, majirani wa pande zote wakiwepo na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa sababu masale yanang'oka, kama tulivyoona, chini ya kila sale la pembeni tuzike jiwe, na kwenye mchoro tuandike umbali wake kutoka kona ya nyumba ya Mama. Kila mmoja asaini mchoro, majirani nao wasaini, nakala sita.

Najua mpango huu una kasoro. Mvua ikikosekana miaka miwili, wa tambarare watasema walipunjwa. Barabara ikipanuliwa, kiwanja kitapungua. Ndiyo maana naomba kila mmoja aje na swali moja lililoandikwa, na tuanze kwa kuthibitisha yale mafungu 18 kabla ya kutaja jina la mtu. Anayeona thamani imekosewa aseme hapo, kwa sababu hesabu ikishakubaliwa kugawa ni kazi ya saa moja.

Kikao kiwe tarehe 27 Desemba, saa nne asubuhi, kwa Mama, kwa kuwa wote mtakuwa mmepanda kwa ajili ya Krismasi. Dada, njoo na daftari lako la risiti. Wa Dar, nitakusubiri stendi ya Himo nikupeleke kwanza kwenye ile nusu ekari, kabla hatujaingia kwa Mama.

Kaka yenu