Kitone cha kijani si kazi: kumtathmini mhasibu anayefanyia kazi nyumbani

Msimamizi yuko Posta, mhasibu yuko Mbezi Luis na anafika ofisini Jumatatu tu. Fomu ya tathmini ya miezi sita imefika, na kwenye kisanduku cha maoni msimamizi anaandika: "Anajitahidi, ila aongeze mawasiliano." Sentensi hiyo unaweza kumwandikia mhasibu, dereva na hata mlinzi wa getini, na kila mmoja itamkaa vilevile. Ndiyo maana haimsaidii yeyote.

Inaandikwa hivyo kwa sababu msimamizi anakumbuka kile tu kilichomfikia, na kinachomfikia kutoka kwa mtu wa mbali ni ujumbe wa Watsapu na kitone cha kijani kinachoonyesha kwamba yuko mtandaoni. Anayejibu ndani ya dakika moja anaonekana mchapakazi, na anayejibu baada ya saa mbili anaonekana amelala. Ila kulinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, ni kazi inayotaka mtu azime simu. Nionavyo mimi, kasi ya kujibu ipimwe peke yake, na ipimwe tu kama mlikubaliana saa za kupatikana, kwa mfano saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Kama hamkukubaliana, huna cha kupima hapo.

Bahati nzuri uhasibu huacha nyayo zenye tarehe. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mfumo wa TRA unaonyesha iliingia siku gani. Anzia hapo, lakini usiishie hapo, kwani ritani inaweza kuwahi huku imejaa makosa yatakayorekebishwa kimyakimya mwezi ujao.

Kwa hiyo fungua kazi yenyewe. Chagua miezi miwili kabla hujaangalia chochote, mmoja wa mwanzoni na mmoja wa mwishoni, na usiuchague ule mliogombana. Katika kila mwezi chukua malipo kumi kwa kuruka idadi ileile: kama yalikuwa 140, chukua la 14, la 28, la 42, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukichagua kwa macho utaangukia malipo makubwa tu, na hayo kila mtu huyafanya kwa uangalifu. Kwa kila moja tazama ankara, idhini, akaunti lilikoandikwa, na risiti ya EFD. Risiti hiyo ndiyo inayoiwezesha kampuni kudai kodi iliyolipa kwenye manunuzi, kwa hiyo risiti tatu zikikosekana kati ya kumi, hizo ni fedha za kampuni zinazopotea. Kazi yote hii inakula alasiri moja.

Kwenye ulinganisho wa benki, usiulize kama hesabu zimebalansi. Zitabalansi tu, maana mhasibu aliyekwama hutupa tofauti kwenye akaunti ya muda, ile ya miamala isiyojulikana ni ya nini. Uliza umri wa miamala iliyobaki humo. Muamala wa Januari uliobaki bila maelezo hadi Juni, na salio la akaunti hiyo linalopanda kila mwezi, vinakuonyesha kazi inayoahirishwa. Salio linalopanda na kushuka ni la kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuanzia Januari hadi Juni mhasibu wetu alitakiwa kuwasilisha ritani sita. Nne ziliingia mapema. Ya Februari iliingia Machi 20 usiku, na ya Aprili iliingia Mei 23, yaani siku tatu baada ya muda. Kichwani mwa msimamizi hizo mbili ni kitu kimoja: "huchelewesha ritani." Fungua barua pepe uone. Kwa ile ya Februari, mhasibu aliomba takwimu za mauzo za matawi mawili Machi 8, akakumbusha Machi 14, na zikamfikia Machi 19. Hapo hana kosa. Pengine anastahili sifa. Kwa ile ya Aprili, takwimu zote alikuwa nazo Mei 12. Kompyuta yake iliharibika Mei 18, na msimamizi akaambiwa Mei 21. Kompyuta kuharibika si kosa lake. Kosa ni siku tatu za kimya, zikiwemo mbili ambazo mtu mwingine angeweza kuiwasilisha ritani hiyo kutoka ofisini.

Sasa maoni yanajiandika yenyewe: "Ritani tano kati ya sita ziliwasilishwa ndani ya muda, ikiwemo ya Februari ambayo takwimu za matawi zilichelewa kumfikia. Ya Aprili ilichelewa siku tatu ingawa takwimu zilikamilika Mei 12. Kompyuta iliharibika Mei 18, taarifa ilinifikia Mei 21. Kuanzia Julai, kikwazo chochote kinachogusa tarehe ya TRA kitatolewa taarifa kwa simu siku hiyohiyo." Neno "mawasiliano" halimo kabisa, na bado mhasibu anajua hasa abadilishe nini.

Kabla ya kuweka alama, mtumie mhasibu hizo tarehe na matokeo ya sampuli, umpe siku tatu ajibu. Kuna kazi usizoweza kuziona hata ukichimba vipi, kama asubuhi nzima ya kufuatilia benki muamala uliokwama. Aiandike mwenyewe, na aoneshe chochote kinachoithibitisha. Umeme nao utajitokeza. Ukikatika mara moja, hiyo ni ajali. Ukitajwa kila mwisho wa mwezi, ni suala la mpango, na hapo ujiulize kwanza kama kampuni ilimpa bando na betri ya akiba au ilimwachia ajitafutie.

Wapo wanaotaka kumaliza mjadala kwa programu inayopiga picha skrini kila dakika kumi. Mimi naipinga. Inapima mkono uliopo kwenye kipanya, na mkono huo hauwezi kukueleza kwa nini muamala wa Januari bado unaelea. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Kuiwasha kimyakimya ni kujitafutia kesi.

Na tukiwa kwenye kesi: kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotangazwa kwa G.N. Na. 42, zinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kwa utendaji duni aonyeshe kwamba mfanyakazi alikijua kiwango kinachotakiwa, kwamba kiwango kilikuwa cha haki, na kwamba alipewa nafasi ya kujirekebisha. Mbele ya CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, "aongeze mawasiliano" haionyeshi hata kimoja. Hatari kubwa zaidi ni ile ya upole: alama 4 kati ya 5 kila mwaka kwa kuogopa mabishano, halafu barua ya kuachishwa. Alama hizo zitakuwa ushahidi wa mfanyakazi, si wako.

Kuna kisanduku kingine kinachosumbua, cha "ushirikiano na wenzake". Kama katika miezi sita hukuwa na njia ya kukiona, usimpe 3 kwa huruma wala 2 kwa hisia. Andika "haikupimwa". Mfumo ukikataa nafasi tupu, weka alama ya katikati, kisha kwenye maoni eleza kwamba ni ya kujazia tu, na utaje utakachotumia kupima miezi sita ijayo.