Picha ianze na dondoo, isianze na mchoro

Mwezi uliopita mwenzangu wa idara alinigongea mlango saa kumi na moja jioni akiwa na kompyuta mkononi. Makala ilikuwa imekwisha, orodha ya waandishi imekubaliwa, barua kwa mhariri ipo. Mfumo wa jarida ukamgomea. Kwenye orodha ya mafaili kulikuwa na mistari miwili yenye alama ya lazima, `Highlights` na `Graphical Abstract`, na bila hiyo hauwezi kusonga mbele.

"Mwalimu, hivi ni vitu vya nusu saa tu, si ndiyo?" akaniuliza.

Vilimchukua siku tatu. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu alianzia upande usio sahihi: alianza na picha.

Niseme kwanza ninaitaje vitu hivi. `Highlights` naziita dondoo, ile mistari michache mifupi inayotaja matokeo ya makala, na `Graphical Abstract` naiita ikisiri ya picha, picha moja inayoyaonyesha. Majarida mengi ya Elsevier yanataka dondoo 3 hadi 5, kila moja isizidi herufi 85 ukihesabu na nafasi, zikae kwenye faili lake peke yake linaloweza kuhaririwa. Picha iwe na angalau pikseli 531 kwenda juu na 1328 kwenda upande, na isomeke ikionyeshwa kwa sentimita 5 kwa 13 kwenye skrini ya kawaida. Majarida mengine yana vipimo vyake, kwa hiyo soma mwongozo wa jarida lako kabla hujafungua programu yoyote ya kuchorea.

Makala ya mwenzangu ilihusu kichujio cha nyumbani cha mkaa wa mifupa, kinachotumika kupunguza floraidi kwenye maji ya visima. Aliyekulia chini ya miteremko ya Meru hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Ameiona kwenye meno ya watu, ile rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Makala bado haijachapishwa, kwa hiyo namba zote za matokeo yake nitakazotaja nimezibadilisha, msizinukuu. Na dondoo zake ziliandikwa kwa Kiingereza. Hapa nimeziandika kwa Kiswahili na kuzihesabu upya.

Dondoo yake ya kwanza ilikuwa hii:

"Utafiti huu ulichunguza uwezo wa mkaa wa mifupa kuondoa floraidi katika maji ya visima"

Ina herufi 86. Alipogundua hilo akafuta neno "huu", zikabaki 82, akafurahi. Nikamwambia kwamba ameitibu homa akaiacha malaria. Sentensi ile haisemi alichokipata. Inasema alichokifanya, jambo ambalo kichwa cha makala kilishalisema. Hivyo ndivyo zinavyotoka dondoo nyingi, kwa sababu mtu anafungua ikisiri yake, anachukua sentensi nne za mwanzo, anazikata mikia mpaka zienee. Sentensi za mwanzo za ikisiri kwa kawaida ni usuli na mbinu. Matokeo yako chini.

Mimi huanzia kwenye hitimisho la makala na majedwali, siigusi ikisiri kabisa. Natafuta kila mahali ambapo kuna namba iliyolinganishwa na namba nyingine: kabla na baada, kichujio na kigezo, mwezi wa kwanza na wa nne. Tulipofanya hivyo tukapata tatu:

"Kichujio cha mkaa wa mifupa kilishusha floraidi kutoka 8 hadi chini ya 1.5 mg/L" (79)

"Baada ya siku 120 za matumizi ya nyumbani floraidi ilivuka tena 1.5 mg/L" (72)

"Kuosha mkaa kwa NaOH kulirudisha 70% ya uwezo wake wa mwanzo" (60)

Kuhesabu usihesabu kwa jicho. Kwenye programu ya kuandikia unaweza kuuchagua mstari na kusoma idadi ya herufi pamoja na nafasi. Mimi nina tabia ya kuziweka kwenye faili la maandishi matupu na kuendesha hiki kwa Python:

```
for mstari in open("dondoo.txt", encoding="utf-8"):
    mstari = mstari.strip()
    print(len(mstari), mstari)
```

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dondoo ya pili hakuitaka. Alisema inakitangaza kichujio chake kuwa kinaharibika. Mimi nikasema ndiyo dondoo pekee iliyo mpya kati ya zote tatu. Kwamba mkaa wa mifupa unakamata floraidi inajulikana miaka mingi, na hata kuuosha kwa NaOH wamejaribu wengine. Lakini mtu anayesimamia mradi wa maji kijijini anataka kujua kichujio kikikaa jikoni kwa mama mwenye watoto watano, siyo maabara, kitadumu hadi lini. Jibu lake ni siku 120. Zaidi ya hapo, mstari wa tatu haueleweki bila wa pili: kwa nini nioshe kitu ambacho hujaniambia kimechoka?

Alikaa kimya kidogo, kisha akafungua makala na kukuta kwamba hizo siku 120 zimetajwa mara moja tu, katikati ya aya ya majadiliano. Kwenye ikisiri hazimo. Akarudi kuirekebisha ikisiri.

Sasa picha. Aliyokuja nayo ilikuwa na visanduku saba vilivyounganishwa kwa mishale: mifupa, tanuri, kusaga, kuchekecha, kichujio, kuchukua sampuli, maabara. Mwisho wa msururu akabandika grafu yake kutoka kwenye makala, ikiwa na mistari minne na maelezo yake yote. Ukiitazama kwenye skrini nzima ilipendeza.

Lakini msomaji haioni kwenye skrini nzima. Anaiona kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji, imebanwa. Fanya hesabu nami. Sentimita 13 kwenye skrini ya nukta 96 kwa inchi ni kama pikseli 491. Picha ya pikseli 1328 ikishushwa hadi 491 kila kitu kinabaki na asilimia 37 ya ukubwa wake. Namba za mhimili wa grafu yake zilikuwa na kimo cha pikseli 14. Zikashuka hadi 5, na hapo 8 na 3 na 6 ni doa moja. Kwa hiyo mimi sikubali herufi yenye kimo chini ya pikseli 30 kwenye picha ya upana huo, maana zitabaki 11 hivi. Ukishaikubali kanuni hiyo, visanduku saba vinajifuta vyenyewe, havienei.

Kilichobaki tulikitoa kwenye dondoo ya pili, neno kwa neno. Kushoto, ndoo mbili zilizopandana, ya juu ina mkaa, na juu yake pameandikwa "8 mg/L". Kulia, sehemu kubwa ya picha, mstari mmoja wa floraidi unaoanzia chini na kupanda taratibu, mstari wa vitone wa 1.5, na pale vinapokutana nukta nzito yenye maneno "siku 120". Basi. Rangi ni bluu na chungwa. Nyekundu na kijani nazikwepa kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Hakuna kichwa cha habari ndani ya picha, hakuna fremu, hakuna nafasi nyeupe ya bure juu na chini. Mwongozo wa jarida unakataza kichwa na nafasi hiyo waziwazi.

Jambo moja sikumruhusu: kuuchora mkunjo kwa mkono ili uwe laini. Ndoo unaweza kuichora upendavyo, maana kila mtu anajua ni mfano. Mkunjo wenye namba juu yake msomaji anauchukulia kuwa data. Tuliutoa kwenye data yenyewe kwa `plt.savefig("mkunjo.svg")`, tukauingiza kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape na kuongeza ndoo. Ndoo tulichora wenyewe, kwa sababu vipicha vya kuokota mtandaoni vina wenyewe, na mchapishaji anaweza kukuuliza ruhusa iko wapi.

Kwenye slaidi pia inawezekana, ila kuna mtego. Slaidi pana ya kawaida ukiihifadhi kama picha bila kugusa mipangilio hutoka na upana wa pikseli 1280, haifiki 1328, na umbo lake ni refu kwenda juu kuliko linalotakiwa. Sisi tulitoa hivi, mara mbili ya kiwango cha chini:

```
inkscape ikisiri.svg --export-type=png --export-width=2656 --export-filename=ikisiri.png
magick ikisiri.png -resize 491x jaribio.png
```

Mstari wa pili, unaotumia ImageMagick kuipunguza picha, ndio mtihani. Fungua `jaribio.png` kwa ukubwa wake halisi, usiikuze, umwite mtu asiyejua makala yako. Tulimwita karani wa idara. Akasema, "Maji yanaharibika baada ya siku mia na ishirini." Sio maji, ni kichujio. Tukaandika "kichujio" chini ya ndoo, tukamwita tena.

Kisha mwenzangu akaituma picha kwa mwandishi mwenza kwenye simu aipitie, akarudishiwa na neno "sawa", na ile iliyorudi ndiyo aliyoipakia kwenye mfumo. Ilikuwa imebanwa na programu ya ujumbe, pikseli zimepungua na kingo za herufi zina ukungu. Bahati nzuri mfumo hutengeneza PDF ya kukagua kabla ya kuthibitisha, na safari hii aliifungua badala ya kubofya tu. Picha ya kazi itumwe kama faili, na inayopakiwa itoke kwenye folda yako.

Lalamiko langu kwa wachapishaji nalo lipo. Hii ni kazi ya usanifu, ila ameachiwa mwandishi, na haibebeki kutoka jarida hadi jarida. Jumuiya ya Kemia ya Marekani inataka picha ya sentimita 8.25 kwa 4.45. Ukikataliwa kule ukaenda huku, hauwezi kuivuta tu ienee; ndoo zitakuwa pipa. Unapanga upya.

Wahakiki walijibu wiki iliyopita. Mmoja alitaka siku zihesabiwe upya bila kaya mbili zilizokuwa zikichanganya na maji ya mvua, na 120 ikawa 112. Mwenzangu alirekebisha makala, akarekebisha ikisiri, akawa tayari kubofya huku mfumo umemwekea mafaili yale yale ya zamani ya dondoo na picha kana kwamba bado yanafaa. Nilimshika mkono. Dondoo ilikuwa neno moja la kubadilisha. Picha, kwa kuwa SVG yake ilikuwepo, ilichukua dakika nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za kumtafuta karani.