Programu ya malipo iruhusiwe kusema "sijui"

Programu nyingi za malipo nilizowahi kukagua hapa Dodoma zinajua hali mbili tu za muamala: umelipwa au umeshindikana. Kwa maoni yangu programu ya namna hiyo isiachiwe hela za wakulima bila mtu pembeni. Kuna hali ya tatu, mtandao ukiyumba utaiona, na kwenye jedwali lake haina pa kuandikwa.

Tuseme ni chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Katibu ameidhinisha orodha, na programu inatakiwa imlipe kila mwanachama kupitia simu yake. Inashika kazi moja kutoka kwenye foleni, inatuma hela, inaandika matokeo, inarudi kuchukua nyingine. Kushika kwenyewe si shida siku hizi. PostgreSQL ina `SKIP LOCKED` tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, kwa hiyo hata ukiwasha programu mbili kwa pamoja, hazitagombania safu moja:

```sql
UPDATE kazi SET hali='imeshikwa',
       mwisho=now() + interval '5 minutes'
WHERE id = (SELECT id FROM kazi WHERE hali='mpya'
            ORDER BY id LIMIT 1
            FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id;
```

Ile `mwisho` imewekwa ili umeme ukikatika katikati ya kazi, safu isibaki imeshikwa milele. Hapo ndipo wengi wanapotegwa, kwa sababu huandika kwamba dakika 5 zikipita, kazi irudi kuwa `mpya`. Kama kazi ni kutengeneza ripoti, sawa, itatengenezwa mara mbili na dunia itaendelea. Kwenye hela hapana.

Mama mmoja anadai shilingi 187,500. Programu inatuma ombi kwa kampuni ya simu, inasubiri sekunde 30, kimya. Huenda ombi lilipotea kabla ya kufika. Huenda pia lilifika, hela ikaingia, na kilichopotea ni jibu. Ukiwa upande wa programu huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Ile inayojua majibu mawili tu itaandika "umeshindikana", itatuma tena, na mama atakuwa na shilingi 375,000 ambazo pengine jioni hiyohiyo zimeshalipa ada na mbolea. Nenda kamdai.

Kinga yake inaanza kabla ya kutuma. Namba ya kumbukumbu ya muamala itengenezwe mara moja kwa kila kazi, na ihifadhiwe kwenye jedwali kabla ombi halijatoka. Nimekuta msimbo unaotengeneza namba mpya kila unapojaribu tena, na hapo hata mfumo wa malipo unaokataa marudio hauwezi kukusaidia, maana kwake ni miamala miwili tofauti. Namba ikiwa imehifadhiwa, programu itakayoikuta kazi iliyoachwa njiani haitumi chochote. Inauliza kwanza: muamala wenye namba hii umefikia wapi? Ikijibiwa umelipwa, inaandika hivyo na kuendelea. Ikijibiwa umekataliwa moja kwa moja, inaweza kurudia. Ikijibiwa "haupo", isikimbilie kutuma, kwani ombi linaweza kuwa bado liko njiani. Isubiri, iulize tena. Jibu lolote jingine, pamoja na msimbo wa kosa ambao haumo kwenye orodha yake, liandikwe `haijulikani`, na kazi hiyo isiguswe tena na programu yoyote mpaka mtu aiangalie.

Kusimama nako kuna kipimo. Jina lililosajiliwa kwenye laini likiwa si la mwanachama, shida ni ya safu hiyo peke yake; iwekwe kando, wengine walipwe. Lakini miamala 3 mfululizo ikipata majibu yasiyosomeka, shida haiko kwa wakulima, na programu iache kabisa kushika kazi mpya. Kuendelea hapo ni kuzalisha `haijulikani` mia mbili za kufuatilia moja moja.

Najua pingamizi la wahasibu: programu inayosimama ovyo inawarudishia kazi walioikimbia. Ni kweli, na hatari yake kubwa zaidi ni kwamba katibu aliyeitwa mara nyingi bila sababu ataanza kubonyeza "endelea" bila kusoma. Ndiyo maana ujumbe wa kusimama usiishie kwenye "hitilafu imetokea". Umpe jina la mwanachama, kiasi, namba ya kumbukumbu, saa ombi lilipotoka, na jibu lililorudi kama lilivyo. Na kitufe cha "tuma tena" kisifunguke mpaka ajaze alichokiona kwenye taarifa ya akaunti ya chama.